Kuendesha programu ya Windows kwenye Linux au Mac kwa Wine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptop nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zimehamia Linux. Mimi ni fundi kompyuta, na karibu kila anayeniletea mashine ya kuhamisha ana swali lilelile: "Na ile programu yangu ya kazini itafunguka?" Hapa najibu swali hilo pamoja na yale yanayolifuata. Mfano nitakaourudia ni programu ya mauzo na stoo ya duka la vipuri vya pikipiki. Iliandikwa zamani kwa Visual Basic 6, na hesabu zake zote zimo katika faili moja la Access lenye kiambishi `.mdb`. Aliyeiandika hapatikani tena, na mwenye duka hana mpango wa kuiacha.

## Wine ni nini hasa? Ni Windows ndogo inayokaa ndani ya Linux?

Hapana. Ndani ya faili la `.exe` mna maagizo ya prosesa, na kama prosesa yako ni ya Intel au AMD, inayaelewa maagizo hayo iwe juu yake kuna Windows au Linux. Tatizo liko kwenye huduma ambazo programu inaziomba: nifungulie faili hili, nichoree dirisha, niambie leo ni tarehe ngapi. Kwenye Windows, maombi hayo hupokewa na mafaili kama `kernel32.dll`, `user32.dll` na `gdi32.dll`. Watu wa Wine wameyaandika upya mafaili hayo bila kutumia msimbo wa Microsoft, na kila ombi linalofika hulikabidhi kwa Linux au macOS kwa lugha inayoeleweka huko. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, Alexandre Julliard ameiongoza tangu 1994, na toleo la 1.0 lilitoka 2008.

Kwa hiyo huhitaji leseni ya Windows, ingawa leseni ya programu yenyewe inabaki palepale. Programu nayo haiwi nzito, kwa sababu hakuna kompyuta ya pili inayoigizwa. Lakini ombi lolote ambalo Wine haijaliandika, au imeliandika tofauti kidogo na Windows, ni shimo, na programu yako inaweza kupita miaka bila kulikanyaga au ikalikanyaga sekunde ya kwanza.

## Naweza kujua kabla ya kuanza kama itakubali?

Mara nyingi ndiyo, na uchunguzi wenyewe ni wa dakika kumi. Kwanza iangalie programu ni ya aina gani:

```
file setup.exe
```

Ukiona `PE32` pekee, ni ya biti 32. Ukiona `PE32+`, ni ya biti 64. Maneno `Mono/.Net assembly` yanakuambia kwamba imeandikwa kwa .NET, na hapo ugumu hutegemea imetumia sehemu zipi za .NET. Angalia faili kuu la programu pia, kwa sababu kisakinishi kinaweza kuwa cha biti 32 huku programu iliyomo ni ya biti 64.

Halafu ikopi folda ya programu kutoka kwenye ile mashine ya zamani, kama bado inawaka, uingie ndani yake kwa teminali ya Linux utafute draiva:

```
find . -iname '*.sys'
```

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Faili la `.sys` ni draiva, yaani kipande kinachotaka kuingia kwenye kiini chenyewe cha Windows. Wine hupokea maombi ya programu za kawaida, ila haina kiini cha Windows cha kumkaribisha mgeni wa namna hiyo. Usipokuta hata moja, endelea kwa matumaini. Ukilikuta, soma swali la vitu visivyowezekana kabla hujapoteza siku nzima.

Mwisho, itafute programu yako kwenye AppDB, orodha iliyo katika tovuti ya WineHQ ambako watumiaji huandika walichokutana nacho. Alama zake hushuka kutoka Platinum, Gold, Silver, Bronze hadi Garbage. Usiishie kwenye alama. Soma ilijaribiwa na toleo gani la Wine na mwaka gani, maana Gold ya miaka kumi iliyopita ni habari ya programu nyingine na Wine nyingine. Programu ya duka langu la mfano haimo humo, kama zilivyo programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya wateja wachache.

## Nianzeje kwenye Linux?

Kwenye Ubuntu 24.04 na Mint 22, amri ni hizi:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32:i386 winetricks
```

Ule mstari wa kwanza unaruhusu vifurushi vya biti 32. Wengi huuruka, kisha wanashangaa programu ya zamani inakataa kimya kimya.

Kisha itengenezee programu yako kasha lake peke yake. Kasha ninaloliita hapa ni folda yenye diski C ya bandia pamoja na rejista yake. Usipochagua, Wine huliweka `~/.wine` na kila programu utakayosakinisha huingia humo. Ukiichanganya ya duka na gemu za mtoto, siku moja kiraka ulichowekea gemu kitaiangusha ya duka.

```
export WINEPREFIX=$HOME/wine-duka
export WINEARCH=win32
wineboot
```

Baada ya hapo utaona `wine-duka/drive_c`, na ndani yake `Program Files` na `windows` kama ulivyozizoea. Uamuzi wa `win32` hufanyika kasha linapozaliwa tu, huwezi kuubadilisha baadaye. Kila ukifungua teminali mpya, rudia kwanza ile mistari miwili ya `export`, la sivyo Wine itarudi `~/.wine`. Sasa sakinisha kwa `wine setup.exe` katika teminali hiyohiyo, na usiweke `sudo` mbele yake. Ukiweka, mafaili yatakuwa mali ya root, yaani msimamizi wa mashine, na akaunti yako ya kawaida itashindwa kuyatumia.

## Nimesakinisha, nikibofya haifunguki. Nitajuaje inataka nini?

Ifungue kwa teminali badala ya kubofya ikoni, na maneno yake yahifadhi:

```
cd "$WINEPREFIX/drive_c/Duka"
wine Duka.exe 2>&1 | tee ~/duka.log
grep err: ~/duka.log
```

Mistari yenye `fixme` itakuwa mingi na itakutisha. Iache. Mingi ni waandishi wa Wine wakijikumbusha kazi iliyobaki, na programu nzima kabisa huitoa kwa mamia. Unachotafuta ni `err`, hasa ya namna hii:

```
err:module:import_dll Library MSVBVM60.DLL (which is needed by L"C:\\Duka\\Duka.exe") not found
```

Hapo umeshaambiwa kila kitu. `MSVBVM60.DLL` ni maktaba ambayo kila programu ya Visual Basic 6 huiegemea. Windows huja nayo, Wine haiji nayo. Winetricks huipakua na kuiweka mahali pake:

```
winetricks vb6run
```

Nilipofungua tena ile programu ya duka, dirisha lilitokea likazimika na kuacha ujumbe wenye `Run-time error '339'` unaolalamikia `MSCOMCTL.OCX`. Hicho ndicho kipande kinachochora jedwali la bidhaa na vitufe vya juu, na dawa yake ilikuwa `winetricks comctl32ocx`. Mara ya tatu ukurasa wa kuingia ulikuja vizuri, lakini nilipoandika nywila ikasema `Provider cannot be found`, kosa namba 3706. Maana yake programu imekosa kiungo cha kuisomea Access. Nikamalizia hivi:

```
winetricks mdac28 jet40
```

Ukurasa wa mauzo ukafunguka, na bidhaa zote zilikuwepo hadi plagi na cheni.

Angalia mpangilio wa kazi ulivyokwenda: kosa moja, dawa moja, jaribu tena. Watu hukosea pale wanapokuta orodha ya vipande ishirini mtandaoni na kuvimimina vyote kwa mpigo, kwa sababu baadhi hugombana, na programu ikikataa hutajua ni kipi kimeleta ugomvi. Kasha likikuchanganya, lifute lote uanze upya. Ni folda tu, na ndiyo faida ya kulitenga.

## Imefunguka. Sasa naweza kuendelea na kazi?

Bado. Kufunguka hakutoshi kukuthibitishia lolote kuhusu hesabu, na hili nimejifunza kwa uchungu kwenye duka lilelile.

Siku ya kwanza tuliingiza mauzo ya tarehe 3 Aprili kwa kuandika `03/04/2025`, kama mwenye duka alivyozoea. Jioni ripoti ya Aprili ilikuja pungufu. Mauzo yalikuwa yamelala Machi, tarehe 4. Linux ile ilikuwa imewekwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Wine huchukua desturi za tarehe kutoka kwenye mpangilio wa lugha wa Linux, na Visual Basic huzifuata bila kuuliza. Kinachofanya kosa hili liwe baya ni kwamba linajificha. Ukiandika `13/04/2025`, programu inaona hakuna mwezi wa 13, inageuza yenyewe, na tarehe inatoka sahihi. Kwa hiyo tungeanza kazi tarehe 15 tungeona kila kitu kiko sawa hadi mwezi mpya uingie, kisha siku 12 za mwanzo zingetawanyika mwaka mzima.

Dawa ni kuifungua programu kwa mpangilio wa Uingereza, ambao unatanguliza siku kama sisi:

```
LC_ALL=en_GB.UTF-8 wine Duka.exe
```

Hakikisha kwanza kwamba `locale -a` inauonyesha mpangilio huo, na ndani ya ikoni ya programu uiandike hivi, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa `jina`: `env WINEPREFIX=/home/jina/wine-duka LC_ALL=en_GB.UTF-8 wine /home/jina/wine-duka/drive_c/Duka/Duka.exe`, ili anayebofya asihitaji kukumbuka.

Tangu hapo sikabidhi mashine kabla ya jaribio hili. Nakopi faili la `.mdb`, nafungua nakala kwenye Linux, naingiza mauzo matatu yenye senti na tarehe iliyo chini ya 12, nachapa risiti, nafunga, nafungua tena. Halafu natoa ripoti ya mwezi uliopita kwenye Windows ya zamani na kwenye Wine, naziweka pamoja mezani na kulinganisha jumla. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, programu hairudi kazini.

## Printa, skana ya msimbo pau na mizani vitakubali?

Printa ikichapa kutoka Linux, kwa kawaida Wine itaiona, kwa kuwa inapitia CUPS, mfumo uleule wa uchapishaji. Kwa hiyo ihangaikie printa kwenye Linux kwanza. Skana nyingi za msimbo pau hujitambulisha kama kibodi, basi zinaandika popote kishale kilipo bila maandalizi yoyote.

Mizani na vifaa vingine vinavyozungumza kwa tundu la COM vinawezekana pia, ila unapaswa kuionyesha Wine tundu lilipo. Kama waya wako wa USB umepewa jina la `/dev/ttyUSB0`:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
wine reg add 'HKLM\Software\Wine\Ports' /v COM1 /d /dev/ttyUSB0
wineserver -k
```

Toka kwenye akaunti yako uingie tena ili ruhusa ya kundi la `dialout` ishike.

## Ni programu gani ambazo nisipoteze muda nazo?

Zile zinazotaka kiini cha Windows. Turudi kwenye lile faili la `.sys`. Programu ya kawaida ni kama mteja dirishani: inaomba, inahudumiwa. Draiva inataka kuingia nyuma ya kaunta kushika vyombo vyenyewe, na kwenye Linux nyuma ya kaunta ni Linux. Wine inaweza kumjibu mteja, ila haiwezi kumkabidhi funguo za jikoni isiyo yake.

Kundi hili lina sura nyingi. Kuna programu za uhasibu na uchoraji ramani zinazolindwa na kidude cha leseni cha USB. Zitafunguka vizuri tu, kisha zitasema kidude hakijachomekwa, hata kama taa yake inawaka mbele ya macho yako. Kuna visoma alama za vidole vinavyokuja na draiva yake. Kuna programu za kurekebisha diski, antivirusi, na za VPN zinazojitengenezea kadi ya mtandao. Kuna gemu za mashindano zenye mlinzi wa udanganyifu anayekaa ndani ya kiini, kama Vanguard ya Valorant. Walinzi wengine wawili, Easy Anti-Cheat na BattlEye, tangu 2021 wanaweza kufanya kazi kwenye Linux kupitia Proton, ambayo ni Wine iliyoboreshwa na Valve kwa ajili ya gemu za Steam, ila ni pale tu mwenye gemu anapowasha ruhusa hiyo. Asipoiwasha, hakuna unachoweza kufanya upande wako, na kujaribu kumdanganya mlinzi kunaweza kusababisha ufungiwe akaunti.

Programu zinazokuja kupitia Microsoft Store pekee ni kundi jingine la kukwepa, kwa sababu zimefungwa kwa namna inayodai sehemu za Windows ambazo Wine haijazijenga vya kutosha. Matoleo mapya ya Microsoft 365 na Adobe Creative Cloud nayo ni kero: tatizo huwa kwenye kisakinishi na kuingia kwenye akaunti, na likitatuliwa leo sasisho la kesho linalirudisha. Kama kazi yako inategemea hizo kila siku, usiijenge juu ya Wine.

Hali moja zaidi ambayo watu hawaioni ni faili la Access linalofunguliwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja kupitia mtandao wa ofisi. Hapo Windows hutumia kufuli za mafaili ili wawili wasiandike mstari mmoja kwa wakati mmoja. Ukichanganya mashine za Windows na za Wine juu ya folda hiyo, sikuhakikishii kwamba kufuli zitaheshimiwa, na faili la `.mdb` likiharibika kurekebisha ni kazi nzito. Mashine moja, mtumiaji mmoja, sawa. Zaidi ya hapo nakataa kuifanya.

## Kwenye Mac mambo ni yaleyale?

Wazo ni lile, vikwazo ni vingi zaidi. Tangu macOS Catalina ya 2019, Apple iliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32. Wine imelizunguka hilo kwa njia mpya inayofanya programu ya biti 32 iishi ndani ya mchakato wa biti 64. Ila kwa njia hiyo huwezi kutengeneza kasha la `win32`. Ukijaribu, Wine inakuambia wazi kwamba haliungwi mkono. Na winetricks inasema `mdac28` haifai kwenye kasha la biti 64. Kwa hiyo programu ya duka niliyoieleza, iliyokaa vizuri kwenye laptop ya zamani ya Linux, ni ngumu zaidi kwenye Mac mpya ya bei mara kumi.

Mac zenye chipu za Apple, M1 na kuendelea, zina hatua ya ziada. Prosesa zake hazielewi maagizo ya Intel, hivyo Rosetta 2 hutafsiri maagizo huku Wine ikijibu maombi. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba Rosetta kwa matumizi ya jumla itaishia macOS 27, basi ukipanga kutegemea njia hii kwa miaka mingi, liweke hilo akilini. Kwa mtu wa Mac mwenye programu ya ofisi isiyo na draiva, ushauri wangu ni kujaribu CrossOver ya CodeWeavers. Ni ya kulipia, ina kipindi cha majaribio bure, na kampuni hiyo ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya kazi ya Wine yenyewe.

## Virusi vya Windows vinaweza kunipata kupitia Wine?

Ndiyo. Wine haijengi ukuta wowote. Programu iliyo ndani yake ina ruhusa zote ulizo nazo wewe, na diski Z huionyesha Linux yako nzima. Kirusi kinachofunga mafaili kwa nywila kinaweza kufunga picha zako kwa raha kabisa. Unaweza kuiondoa Z kwenye kichupo cha `Drives` ndani ya `winecfg`, ila hiyo inapunguza ajali tu, haizuii programu yenye nia mbaya. Programu iliyovunjwa leseni usiyoiamini kwenye Windows, usiiamini hapa.

## Wine ikishindwa kabisa, nifanye nini?

Weka Windows halisi ndani ya mashine pepe, kwa VirtualBox kwa mfano. Hapo kiini cha Windows kipo, draiva zinakaribishwa, na kile kidude cha leseni unakikabidhi kwa Windows ya ndani kupitia menyu ya USB. Gharama yake ni leseni ya Windows na kumbukumbu: Windows 11 inadai angalau GB 4, kwa hiyo laptop yenye GB 4 kwa jumla haitaweza, na yenye GB 8 itajikongoja lakini itafika. Mac za chipu za Apple huendesha Windows 11 ya ARM, ambayo yenyewe hutafsiri programu za Intel, ila draiva za Intel haizitafsiri. Kidude cha leseni kisicho na draiva ya ARM kitakwama hapo pia, na mashine ya zamani yenye Windows inabaki kuwa jibu, bila kuiunganisha na intaneti.

## Nikisasisha Wine, programu iliyokuwa inafanya kazi inaweza kuharibika?

Inaweza. Kasha nalo hujirekebisha lifanane na toleo jipya, na kulirudisha nyuma si jambo la uhakika. Kabla ya kusasisha, funga programu na utoe nakala nzima:

```
WINEPREFIX=$HOME/wine-duka wineserver -k
cp -a ~/wine-duka ~/wine-duka-akiba
```

Kwa ile ya duka, mwenyewe anafanya nusu ya kazi hiyo kila jioni akishafunga mahesabu: ikoni ya pili kwenye skrini inakopi faili la `.mdb` kwenda kwenye flashi, ikilipa jina la tarehe ya siku hiyo, na flashi anaondoka nayo mfukoni.